Betri inayojimaliza ikiwa imelala: namna ya kupima na kuchagua kati ya alkalini, nikeli na lithiamu

Nilifungua tochi iliyokuwa imekaa kabatini miaka miwili bila kuguswa. Ndani yake mlikuwa na betri tatu za alkalini. Nikazipima moja moja kwa multimita na zote zikasoma zaidi ya volti 1.5, kwa hiyo chaji bado ilikuwa nyingi. Lakini ile iliyokaa mwisho, penye mfuniko, ilikuwa imetoa unga mweupe kama chumvi upande wa hasi. Springi ya mfuniko ilikuwa imegeuka kijani, na nilipoigusa kwa ncha ya bisibisi ikakatika. Betri zilikuwa na chaji, tochi ndiyo iliyokuwa imekufa.

Kila betri hupoteza chaji yenyewe hata ikiwa mezani haijaunganishwa na kitu. Ukiuliza ni ipi inayopoteza kidogo, utajibiwa kwa asilimia kwa mwaka, na asilimia hizo ni za kweli. Shida ni kwamba asilimia haikwambii kama upotevu huo una maana yoyote kwa kifaa chako, wala haikwambii kitu kuhusu ule unga mweupe. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuigeuza asilimia kuwa mkondo wa umeme, kuulinganisha na mkondo unaoliwa na kifaa, kisha kuzipima mwenyewe betri za kuchaji ulizonazo.

Hatua ya 1: Jua umeshika betri gani

Kwa umbo, betri za AA zote zinafanana, kwa hiyo soma ganda.

Alkalini ina volti 1.5 na haichajiwi. Ndani kuna zinki, dioksidi ya manganizi na maji makali ya haidroksidi ya potasiamu. Ikiwa mpya kabisa na haijaunganishwa, multimita husoma karibu volti 1.6.

Betri ya kuchaji ya nikeli imeandikwa `Ni-MH` na volti 1.2. Hizi ziko za aina mbili, na tofauti kati yao ni kubwa kuliko tofauti kati ya alkalini na lithiamu. Kuna za kawaida, ambazo mara nyingi hujitangaza kwa namba kubwa kama 2500 au 2700 mAh, yaani miliampea-saa, kipimo cha chaji inayobebwa na betri. Na kuna zinazotunza chaji, zilizoingia sokoni mwaka 2005 kampuni ya Sanyo ilipoleta Eneloop. Hizi kwa AA huwa karibu 2000 mAh, na ganda husema zimeshachajiwa tayari kwa kutumika. Betri isiyotunza chaji haiwezi kuuzwa kwa maneno hayo, maana ingefika kwa mnunuzi tupu.

Lithiamu isiyochajiwa ya umbo la AA ina volti 1.5 na ni nyepesi mkononi, karibu theluthi mbili tu ya uzito wa alkalini. Ndani kuna lithiamu na salfaidi ya chuma. Usiichanganye na lithiamu nyingine yenye umbo lilelile lakini volti 3.6, inayotumika kwenye mita na vifaa vya viwandani. Ukiiweka hiyo ya 3.6 kwenye tochi au rimoti ya kawaida unaweza kuiunguza. Soma volti kwanza, jina baadaye.

Hatua ya 2: Igeuze asilimia kuwa mkondo

Mwaka una saa 8,760. Chukua uwezo wa betri kwa mAh, tafuta ni mAh ngapi zinapotea kwa mwaka, kisha gawanya kwa saa hizo. Unachopata ni kama tundu dogo kwenye ndoo: mkondo unaovuja usiku na mchana.

Alkalini, ikikaa kwenye nyuzi 20 hivi za Selsiasi, hupoteza asilimia 2 hadi 3 kwa mwaka. Ukichukua betri ya 2500 mAh na asilimia 2.5, inapotea karibu 62 mAh kwa mwaka. Gawanya kwa 8,760, unapata miliampea 0.007, yaani mikroampea 7.

Lithiamu ya AA haizidi asilimia 1 kwa mwaka. Kwa uwezo wa 3000 mAh hiyo ni 30 mAh, sawa na mikroampea 3 na kidogo.

Nikeli inayotunza chaji hubaki na asilimia 85 hivi baada ya mwaka wa kwanza. Kwa betri ya 2000 mAh zimeondoka 300 mAh, na mkondo wake wa wastani ni mikroampea 34.

Nikeli ya kawaida haipimwi kwa mwaka, inapimwa kwa siku. Ikitoka kwenye chaja hupoteza sehemu nzuri ndani ya saa 24 za mwanzo, kisha hutulia kwenye asilimia 1 kwa siku au zaidi, kulingana na umri na joto. Asilimia 1 ya 2500 mAh ni 25 mAh kila siku, na hiyo ni mikroampea 1,000, yaani miliampea 1 kamili.

Ziweke pamoja: 3, 7, 34 na 1,000. Alkalini na lithiamu, ambazo watu hubishana sana juu yake, ziko jirani kabisa. Aliyeachwa mbali ni nikeli ya kawaida.

Hatua ya 3: Tafuta kifaa chako kinakula kiasi gani

Huhitaji kifaa cha kupimia. Andika tarehe kwenye kipande cha gundi ya karatasi siku unapoweka betri mpya, ukiandike tena siku kifaa kinapozima. Tuseme saa yako ya ukutani inakaa miezi 18 na alkalini moja ya 2500 mAh. Miezi 18 ni saa 13,140. Gawanya 2500 kwa 13,140, unapata miliampea 0.19, yaani mikroampea 190.

Sasa jumlisha mlo wa saa na mkondo unaovuja, uone kila betri itafika wapi kwenye saa hiyohiyo.

Alkalini: zile 190 tayari zina 7 za tundu ndani yake, kiasi kidogo mno, kwa hiyo naziacha 190 kuwa mlo wa saa. Tundu halisikiki. Inakaa miezi 18 ileile, na lile tundu limekugharimu wiki mbili tatu tu.

Nikeli inayotunza chaji: 190 na 34 ni 224. Ukigawa 2000 mAh kwa hizo unapata saa 8,900 hivi, mwaka mmoja na siku chache. Kwa betri unayoweza kuichaji mamia ya mara, hilo ni jambo zuri.

Nikeli ya kawaida, tuseme imebaki na 2200 mAh halisi: 190 na 1,000 ni 1,190. Inakaa saa 1,850, siku 77. Katika chaji yote uliyoweka, saa imekula chini ya moja ya tano. Iliyobaki imejimaliza ndani ya ganda lake. Mtu akisema betri za kuchaji hazifai kwenye saa au rimoti, mara nyingi hii ndiyo aliyoitumia.

Kanuni yangu ni hii: mkondo unaovuja ukiwa chini ya moja ya kumi ya mlo wa kifaa, usiuhesabu kabisa. Kamera yenye mwanga wa flashi au gari la kuchezea hula mamia ya miliampea, hivyo hata nikeli ya kawaida inafaa mradi uichaji jana na kuitumia leo. Hesabu hugeuka kwenye kifaa kisichokula kitu, kama tochi ya dharura yenye swichi ya kukata kabisa. Hapo mlo ni sifuri, na kinachoamua ni tundu peke yake.

Hatua ya 4: Zipime betri zako za kuchaji

Namba nilizotoa ni za betri nzima. Yako inaweza kuwa imechakaa, na nikeli iliyochakaa hupoteza haraka kuliko ilivyoandikwa popote. Unahitaji chaja yenye kioo kinachoonyesha mAh na inayoweza kutoa chaji, pamoja na siku 28 za subira.

Kwanza, kama betri imelala muda mrefu, ichaji na kuimaliza mara mbili ili iamke. Usipofanya hivyo, kipimo cha mwanzo kitakuwa kidogo kuliko uwezo wake wa kweli na hesabu yote itapinda.

Pili, ichaji ijae, iache saa moja ipoe, kisha iitoe chaji kwa mkondo wa karibu moja ya tano ya uwezo wake. Kwa betri ya 2500 mAh chagua 500 mA, kwa ya 2000 chagua 400, au mkondo wa karibu zaidi ambao chaja yako inao. Chaja itasimama yenyewe betri ikifika volti 0.9 au 1.0. Andika mAh zilizotoka. Huo ndio mwanzo wako.

Tatu, ichaji tena ijae, itoe kwenye chaja, bandika tarehe, iweke mahali pasipo na jua. Usiiache ndani ya chaja, kwani nyingine huendelea kuipa chaji kidogo kidogo na nyingine, umeme ukikatika, hunyonya kutoka kwenye betri.

Nne, baada ya siku 28 irudishe na uitoe chaji kwa mkondo uleule. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kipimo. Chaja nyingi zina `Test` au `Charge Test`, na hiyo huanza kwa kujaza betri kabla ya kupima, kwa hiyo itakupa namba nzuri isiyo na maana. Chagua `Discharge`. Ukiona namba ya volti inapanda dakika za mwanzo, simamisha haraka, unachaji.

Chukua mfano wa betri mbili. Ya kwanza ni ya kawaida, imeandikwa 2500, mwanzo ilitoa 2210 na baada ya siku 28 ikatoa 1480. Zimepotea 730, yaani theluthi moja. Siku 28 ni saa 672, kwa hiyo tundu lake ni miliampea 1.1 hivi. Ya pili ni ya kutunza chaji, mwanzo 1960, baadaye 1840. Zimepotea 120, asilimia 6, tundu lake mikroampea 179.

Angalia hiyo 179. Hatua ya 2 nilisema 34. Ukizidisha asilimia 6 kwa miezi 12 utapata 72, na utaitupa betri nzima. Nikeli hupoteza kwa kasi inapokuwa imejaa, kisha kasi inashuka kila wiki inayopita, na kwa hiyo mwezi wa kwanza hauwezi kusimama badala ya mwaka. Ukitaka uhakika, rudia kwa miezi mitatu. Betri ya kutunza chaji ambayo imepoteza asilimia 6 mwezi wa kwanza inapaswa kuwa bado juu ya 85 mwezi wa tatu. Ikiwa imeshuka chini ya 70, imeharibika ndani, mara nyingi kwa kumalizwa chaji kupita kiasi kwenye kifaa kilichosahaulika kikiwa kimewashwa.

Kwa nini nikeli ya kawaida inavuja hivyo? Ikiwa imejaa, upande wake chanya hautulii, unatoa oksijeni polepole. Hidrojeni iliyohifadhiwa upande wa hasi nayo hupenya kidogo na kufika upande wa pili, na zikikutana umeme umeisha bila kupita kwenye waya. Juu ya hayo, kwenye kitambaa kinachotenganisha pande mbili, kama kimetengenezwa kwa nailoni, hutoka takataka za naitrojeni zinazosafiri huku na huku zikibeba chaji. Betri za kutunza chaji zimebadilishiwa kitambaa hicho, na metali ya upande wa hasi imetengenezwa iachie hidrojeni kwa shida. Ndiyo maana kwa kawaida hazifiki 2700 mAh: nafasi ya ndani imetumika kwa uimara.

Hatua ya 5: Alkalini na lithiamu zisome kwa tarehe, na volti uiamini kwa kiasi

Hizi huwezi kuzimaliza na kuzijaza upya ili uzipime, kwa hiyo kuna njia mbili tu.

Ya kwanza ni tarehe iliyochapwa kwenye ganda. Alkalini nzuri huandikwa hadi miaka 10 mbele, lithiamu ya AA hadi miaka 20. Tarehe hiyo haimaanishi betri hufa siku hiyo, inamaanisha mtengenezaji anatarajia bado ina chaji nyingi.

Ya pili ni multimita, ila iwe na mzigo. Shika rezista ya omu 10 kati ya ncha mbili za betri kwa sekunde tano huku ukisoma volti. Alkalini nzima itakaa karibu 1.5. Ikiwa kwenye 1.3 imetumika nusu hivi. Ikishuka chini ya 1.1 imebaki na mabaki ya saa ya ukutani tu. Volti ya alkalini huteremka taratibu kadiri inavyoisha, ndiyo maana njia hii inafanya kazi.

Kwa lithiamu haifanyi kazi. Ikiwa mpya na bila mzigo inaweza kusoma karibu 1.8, ikiguswa na mzigo inashuka na kukaa palepale karibu 1.5 hadi mwisho kabisa, kisha inaanguka ghafla. Ya asilimia 90 na ya asilimia 30 zinafanana. Kipima betri chenye mshale wa kijani na nyekundu kitakuambia "nzuri" siku moja kabla haijaisha. Nikeli nayo hukaa kwenye 1.2 sehemu kubwa ya safari yake, na kipima kilichotengenezwa kwa alkalini huiita dhaifu hata ikiwa imejaa. Kwa lithiamu andika tarehe uliyoiweka na saa ulizoitumia.

Hatua ya 6: Kwa kifaa kinacholala, angalia gesi kabla ya chaji

Narudi kwenye ile tochi. Mikroampea 7 za alkalini zinaonekana si kitu, lakini haziendi bure. Zinki ndani ya yale maji makali huliwa polepole, na kila inapoliwa hutoa gesi ya hidrojeni. Kupoteza chaji na kutoa gesi ni tendo moja. Zamani watengenezaji walichanganya zebaki kwenye zinki ili kuizuia. Zebaki ilipoondolewa kwa sababu ya sumu yake, ikabidi zinki iwe safi zaidi na ichanganywe na vitu vingine, na gesi ikapungua lakini haikuisha. Ikijaa, presha hupasua kizibo cha upande wa hasi, maji makali yanatoka, yanakutana na kaboni dioksidi ya hewani na kuwa ule unga mweupe, kaboneti ya potasiamu.

Hali huwa mbaya zaidi betri zikiwa kadhaa kwa mstari na moja ni dhaifu. Dhaifu inapoisha, wenzake wanaendelea kusukuma umeme ndani yake kinyumenyume, na hapo gesi hutoka kwa wingi. Kwa hiyo usichanganye mpya na iliyotumika, wala aina mbili tofauti, ndani ya kifaa kimoja.

Lithiamu ya AA haina maji ndani. Uso wa lithiamu hujifunika utando mwembamba mara tu inapogusa kimiminika cha ndani, na utando huo ndio unaozuia isiendelee kuliwa. Chaji karibu haipotei na gesi haitoki. Kwa tochi ya dharura, naweka lithiamu, na sababu yangu si ile tofauti ya mikroampea 3 na 7. Kama una alkalini tu, ziweke nje ya tochi, ndani ya pakiti yake, kando ya tochi. Zikivuja, zitachafua karatasi. Nikeli ya kutunza chaji inakubalika pia ikiwa utaikumbuka kuichaji kila baada ya miezi sita.

Tochi yenye kitufe laini cha kielektroniki ina jambo jingine: hula kidogo hata ikiwa imezimwa. Toa betri moja, au weka kipande cha plastiki kati ya betri na springi.

Kuhusu joto: kila nyuzi 10 zinazoongezeka, kasi ya kupoteza chaji huwa karibu mara mbili. Alkalini ya asilimia 2.5 kwenye nyuzi 20 inakaribia asilimia 10 kwa mwaka kwenye nyuzi 40, na gesi inaongezeka vivyo hivyo. Ndani ya gari lililoegeshwa juani hupita hapo. Nikeli ya kawaida kwenye joto hilo haifiki mwisho wa mwezi na kitu. Friji haihitajiki kwa alkalini wala lithiamu, kwani kuna kidogo cha kuokoa na umande unaweza kuzitia kutu ncha zake. Kwa nikeli ya kawaida friji inasaidia kweli, mradi uifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa na uiache ipate joto la chumba kabla ya kuufungua mfuko.

Kama unga mweupe umeshatoka, vaa glavu, maana ukiwa bado mbichi unaunguza ngozi na macho. Toa betri, chovya pamba kwenye siki na upake palipochafuka. Itatoa povu dogo, hiyo ni dalili kwamba inafanya kazi. Povu likikoma, pangusa kwa kitambaa chenye maji kidogo, kausha, kisha kwangua ncha kwa msasa laini hadi metali ing'ae. Ukikuta springi imeshakuwa kijani hadi ndani, usihangaike kuikwangua, ibadilishe.